Mshumaa Uliokuwa Haujafunga

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Ngoja, ingawa hakuna shule iliyowahi kumwajiri. Alikuwa mpiga picha. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele ya pazia palikuwa na benchi, kitambaa cheupe cha kupigia picha za pasipoti, na mashine ya kutolea nakala iliyokuwa ikitafuna karatasi kila ikipata joto. Nyuma ya pazia ndiko kulikokuwa na ualimu wenyewe: viti vya plastiki, ubao mweupe, na televisheni aliyoiunganisha na kompyuta ili wanafunzi waione chati kwa ukubwa wake.

Alichofundisha ni kusoma mishumaa. Si ya kuwasha umeme ukikatika, bali ile inayochorwa kwenye chati kuonyesha bei ya dhahabu au ya fedha za kigeni ilivyokwenda. Mshumaa wa kijani ni bei iliyopanda, mwekundu ni iliyoshuka. Kiwiliwili chake huanzia bei ilipofungulia na kuishia ilipofungia, na tambi zinazochomoza juu na chini huonyesha bei ilikofika ikarudi. "Utambi ni mahali bei ilipotembelea," aliwaambia. "Kiwiliwili ni mahali ilipolala. Mtu asikudanganye na alikotembelea." Wanafunzi waliipenda sana sentensi hiyo, na wale wenye wake au waume wa mashaka waliicheka kuliko wengine.

Jina la Ngoja lilitokana na amri yake moja. Kila mwanafunzi aliyeruka kwenye kiti akisema bei inageuka, mwalimu alimjibu neno lilelile: ngoja ufunge. Mshumaa usiofunga, yaani ambao muda wake haujaisha, alisema, ni sawa na mgonjwa aliye mikononi mwa daktari. Huwezi kutangaza amepona wala amekufa. Na ukishafunga, bado ngoja ule unaofuata uthibitishe. Kinyozi wa duka la pili, ambaye alikuwa mwanafunzi wa kwanza na mtani wa kudumu, alisema darasa lile litahitimu watu wenye mvi, maana kazi ni kungoja tu. Lakini alikuja kila Jumamosi, na viti havikuwahi kukaa vitupu.

Mwanafunzi aliyemtia kiburi kuliko wote alikuwa shangazi yake. Shangazi alikuwa mshonaji, na ndiye aliyemlea. Wazazi wa Ngoja walipofariki, ndugu wengine walikaa kikao wakazungumza sana. Shangazi hakuzungumza, alimchukua mtoto akaondoka naye. Alimsomesha kwa kushona sare za shule za watoto wa watu. Sasa macho yake yalianza kuchoka, na alichokitaka duniani kilikuwa mashine ya ovaloki, ile ya kufunga pindo, ili aache kupeleka nguo zake kwa fundi mwingine aliyekuwa akimcheleweshea wateja. Alikuwa ameshaanza kuiwekea akiba. Alipomwomba mpwa wake amfundishe mishumaa ili akiba isogee, Ngoja alimfungulia akaunti kwa mkono wake mwenyewe, kwa dalali wa mtandaoni yuleyule aliyewafungulia wengine wote, akamwekea miwani ya kusomea juu ya simu na kumwambia, "Shangazi, wewe fuata sheria tu."

Naye aliifuata. Darasani alimwita mpwa wake mwalimu, bila utani, na aliuliza maswali kwa kunyoosha mkono.

Wiki ile ya mkasa huu, dhahabu ilikuwa imeshuka mfululizo kama mtu anayeteremka ngazi. Jumatatu ikatokea doji. Doji ni mshumaa ambao bei imefungulia na kufungia karibu mahali pamoja, kiwiliwili kimebaki kama kijiti, tambi juu na chini. Kundi lao la simu lilichemka. Muuza viatu mmoja aliandika kwamba wauzaji wamechoka, sasa ni kununua. Ngoja aliwatuliza. Aliwaeleza kwamba doji haisemi soko limegeuka. Inasema wanunuzi na wauzaji wamevutana wakatoka sare, na baada ya sare yeyote anaweza kushinda. Mshumaa uliofuata ndio utakaosema. Ukifunga juu ya kilele cha doji, tuna mazungumzo. Ukifunga chini yake, safari ya kushuka inaendelea. Wakangoja. Mshumaa uliofuata ulifunga mwekundu, chini kabisa ya doji, na bei ikaporomoka. Wote waliokuwa karibu kununua walimshukuru. Shangazi alimpigia simu kumpongeza, akamwambia marehemu baba yake angefurahi. Ngoja alijisikia mrefu siku ile. Sifa ni kitu kitamu, na haina tofauti na sukari: meno huoza polepole.

Maana ukweli ni kwamba sheria yake ilikuwa imeanza kumchosha mwenyewe. Anayengoja uthibitisho huingia akiwa amechelewa kidogo, bei nzuri imeshapita, na faida inakuwa ndogo. Ndiyo gharama ya kutokudanganywa. Ngoja aliijua gharama hiyo na kuifundisha, lakini mwanzoni mwa barabara alikuwa amefungua ofisi mwalimu mwingine, mwenye bango la rangi na ulimi wa mafuta, akiwaambia watu waingie bei ikiwa bado ya moto. Wanafunzi wawili wa Ngoja walishahamia huko. Kinyozi alimtania kwamba akiendelea kungoja, atabaki yeye na shangazi yake na mashine ya kutafuna karatasi. Ngoja alicheka pamoja naye, na utani ukamkaa rohoni.

Alhamisi, mchana, alikuwa dukani akisubiri mteja abadilishe shati ili apigwe picha. Kwenye kompyuta chati ilikuwa wazi. Wao walitumia mishumaa ya saa nne nne, yaani kila mmoja hudumu muda wa saa nne, na ule wa asubuhi ulikuwa umefunga saa nne asubuhi, mwekundu, wa wastani. Uliofuata ulianza kwa kushuka kidogo, kisha ukageuka kijani, ukapanda, ukapanda tena, mpaka kiwiliwili chake kikaufunika mwekundu wote, juu na chini. Huo ndio waliouita mmezaji: mshumaa unaommeza mwenzake wa rangi nyingine. Ukitokea mwisho wa mteremko mrefu, ni moja ya dalili ambazo msomaji wa mishumaa huziota. Na ulikuwa umetokea pale pale ambapo mara mbili huko nyuma dhahabu iliwahi kugota na kurudi juu.

Ulikuwa haujafunga. Ulitakiwa kufunga saa nane, na bado palikuwa na kitambo kizima mbele. Ngoja alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Lakini bei ilikuwa ikipanda mbele ya macho yake, na alichokiona si mshumaa tena; alichokiona ni bango la rangi mwanzoni mwa barabara. Mteja akaita kutoka mbele kwamba yuko tayari. Ngoja akamjibu asubiri. Akanunua. Kisha akapiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi, na chini yake akaandika: Amemeza. Tunanunua.

Alirudi kumpiga mteja picha. Alipomaliza kukata picha na kurudi nyuma ya pazia, saa nane ilikuwa imepita. Wauzaji walikuwa wamerudi mezani. Mshumaa ulikuwa umefunga ukiwa na utambi mrefu juu yake, na kiwiliwili cha kijani kilichofika nusu tu ya ule mwekundu. Hakuna aliyemezwa. Bei ilitembelea juu, ikarudi kulala chini.

Mpaka hapo kosa lilikuwa dogo. Mwalimu yeyote angeandika: nimewahi, tokeni, hasara ni ndogo, mnaona sasa kwa nini nasema mngoje. Wangecheka, kinyozi angetania wiki nzima, na somo lingekolea. Ngoja hata alianza kuyaandika maneno hayo. Simu ikalia mkononi mwake, na alikuwa shangazi.

Alikuwa ameiona picha, alisema, lakini hakununua. Aliweka cherehani pembeni akangoja ufunge, kama alivyofundishwa. Sasa umefunga, na yeye kwenye simu yake anauona mfupi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa kuuliza. "Mwanangu, mbona mimi naona hajameza?"

Kulikuwa na jibu moja la kweli, nalo lilikuwa neno moja: hajameza. Ngoja alikuwa nalo mdomoni. Lakini aliona kwamba akilisema, shangazi atauliza swali la pili: basi wewe ulinunua kabla haujafunga? Mwanamke huyu aliyemsifia kwa majirani wote kwamba mwanangu ndiye Ngoja, ndiye anayewazuia watu wasipotee. Mdomo ukajisemea wenyewe. Akamwambia kwamba kila dalali ana saa zake. Mishumaa ya saa nne nne kwa dalali mmoja inaweza kufunga tofauti na ya mwingine, ndiyo maana maumbo hayafanani. Kwake yeye umefunga vizuri, amemeza. Afuate picha.

Uongo mbaya zaidi ni ule wenye ukweli ndani yake. Ni kweli madalali hutofautiana saa, na mishumaa yao hutofautiana. Ila shangazi alikuwa kwa dalali yuleyule wa Ngoja, kwenye akaunti aliyoifungua Ngoja, na chati zao zilifanana hadi utambi wa mwisho. Shangazi hakuyajua hayo. Alishusha pumzi, akamshukuru, akasema macho yake ya uzee yatamwangusha siku moja. Akanunua, tena kwa kiasi kikubwa kuliko siku zote, kwa sababu hii ilikuwa dalili iliyothibitishwa na mwalimu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Ngoja aliirefusha alivyoweza. Mshumaa uliofuata ulikuwa mwekundu, na ulipofunga ulikuwa umezama chini ya wote. Soko lilikuwa limesema wazi kwamba hakuna kilichogeuka. Bei ilipokaribia mahali alipoweka kikomo cha hasara, yaani bei ambapo biashara hujifunga yenyewe, aliogopa kukatwa, akakiondoa. Shangazi alipoandika kuuliza kama yeye akiache chake, akamjibu aiachie bei nafasi ya kupumua. Hili pia alikuwa amewahi kulikataza ubaoni, kwa kalamu nyekundu. Ijumaa, soko la wiki lilipofungwa, akiba ya shangazi ilikuwa imebaki makombo, na ya Ngoja haikuwa na nafuu.

Alishindwa kula. Mkewe alimuuliza kama anaumwa, akasema ni tumbo. Halikuwa tumbo, ilikuwa aibu, na aibu haina dawa ya kumeza na maji. Alijiambia atakwenda kwa shangazi asubuhi, kabla ya darasa, ampigie magoti na kumweleza. Asubuhi ilipofika akajikuta anafuta viti vya plastiki ambavyo havikuwa na vumbi.

Shangazi ndiye aliyewahi kufika. Alikuwa amevaa gauni lake la kwendea shughuli za watu, na alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Ngoja alimsalimia. "Shikamoo, shangazi." Aliitikia marahaba kwa upole wake wa kila siku, akauliza hali ya nyumbani. Kinyozi akaingia, muuza viatu akafuata, na wengine. Muuza viatu alikuwa amenuna. Kikomo chake kilimkata mapema, na sasa hakujua aseme ahsante au alaumu. Kinyozi, ambaye Alhamisi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi na hakuiona picha mpaka jioni, ndiye pekee aliyekuwa na uso wa kawaida.

Kabla mwalimu hajafungua mdomo, shangazi alinyoosha mkono. Aliomba kuzungumza kidogo. Akasimama, akawageukia wenzake, akasema kwamba anataka kuwaomba radhi kwa kulifedhehesha darasa. Yeye amepoteza akiba yake karibu yote. Asingependa watu huko nje waseme ni mafundisho ya mpwa wake, maana mwalimu alifundisha vizuri na makosa ni yake mwenyewe, mama mtu mzima asiyejua hata simu yake. Kama mwalimu hatajali, aifungue chati ya Alhamisi kwenye televisheni amwonyeshe pale alipokosea, ili wengine wajifunze. Baada ya hapo yeye ataacha, arudi kwenye cherehani yake. Alisema yote hayo taratibu, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi, kisha akakaa.

Ngoja alitamani ardhi impokee. Kama angetukanwa angejua la kufanya. Mtu anayetukanwa huwa na pa kujificha. Alikishika kipanya cha kompyuta, akairudisha chati mpaka Alhamisi. Mshumaa ukajitokeza kwenye kioo kikubwa mbele ya wote, mfupi, utambi wake umesimama juu kama kidole. Bado angeweza kudanganya. Angesema ni shinikizo la soko, ni habari za uchumi, na wangempokea. Shangazi angekuwa wa kwanza kumpokea.

"Mshumaa huu ulifunga saa nane," alisema, akiwa ameligeuzia darasa mgongo. "Kwangu, kwa shangazi, kwa wote. Dalali wetu ni mmoja. Hakumeza."

Kinyozi aliuliza basi ile picha ilitoka wapi, kwa sababu pale palionekana amemeza kabisa.

Ngoja aligeuka. Akawaambia. Picha aliipiga kabla haujafunga. Alinunua kabla haujafunga. Ulipofunga vibaya alijua, na shangazi alipompigia simu alikuwa tayari anajua, na akamtungia hadithi ya madalali ili asionekane amevunja sheria yake. Kikomo cha hasara pia alimwambia akiondoe kwa sababu yeye mwenyewe aliogopa. Akaongeza kwamba atarudisha kila kitu. Muuza viatu aliangalia viatu vyake. Nje, mtu alibisha akiuliza kama picha za pasipoti zinapigwa leo.

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa mbele, akiutazama mshumaa kwenye televisheni. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Kwa hiyo niliona sawa," alisema.

"Uliona sawa, shangazi."

"Kiwiliwili kilifika nusu."

"Kilifika nusu."

Ndipo uso wake ukafanya jambo ambalo Ngoja hatalisahau: ulifurahi. Kwa muda mfupi kabisa, mama yule aliyekuwa amepoteza akiba ya mashine yake alifurahi kama mwanafunzi aliyeambiwa amepata jibu. Tangu Alhamisi alikuwa ameamini kwamba macho yake yamekwisha, kwamba hata akili imeanza kumtoka, na hakumwambia mtu. Alikuwa ameanza kujiuliza kama bado anashona mishono iliyonyooka, au wateja wanamwonea huruma tu. Aliwaeleza hayo akitabasamu. Ngoja alisikiliza kila neno, na kila neno lilimchoma, kwa kuwa fedha alikuwa amejua ameichukua, lakini hili hakujua.

Kisha tabasamu likaondoka. Ngoja aliliona likiondoka, na aliona shangazi alipoanza kuelewa upande wa pili wa alichoambiwa.

Hakupandisha sauti. Kinyozi alisema baadaye kwamba angefurahi zaidi kama shangazi angempiga kofi mpwa wake mbele yao wote, liishe. Shangazi aliufunga mkoba wake, akausogeza mapajani, akamtazama Ngoja kama alivyokuwa akimtazama alipotoka shuleni na daftari lililochanika.

"Mwanangu," alisema, "mimi ule mshumaa niliuona. Nilingoja ukafunga, nikauona. Nilichokuwa nataka ni mtu wa kunithibitishia, ndiyo nikakupigia wewe." Akautazama tena mshumaa. "Sasa siku nyingine nikiona kitu kwa macho yangu, nimuulize nani?"

Ngoja alisimama mbele ya ubao wake. Alitafuta jibu, na darasa zima lilimngoja.